Zima koili, au itoe nje? Kiingereza chepesi kwa mgeni asiye Mwingereza

Katika nyumba ya wageni ya shangazi yangu, upande wa Casuarina hapa Malindi, palikuwa na tangazo ukutani, karibu na kitanda, lenye sentensi moja ya maneno tisa:

```
Please put out the coil before you turn in.
```

Shangazi alikusudia: tafadhali zima koili ya mbu kabla ya kulala. Usiku mmoja wa msimu wa kaskazi, makuti yamekauka kama karatasi, mgeni Mtaliano alielekeza simu yake kwenye tangazo lile akasoma tafsiri. Kisha akaichukua koili ikiwa bado inawaka, akaitoa nje, akaiweka barazani juu ya jamvi, akarudi ndani akafunga mlango. Mlinzi ndiye aliyenusa moshi. Jamvi liliungua tundu la ukubwa wa sahani, na juu yake, kiasi cha urefu wa mtu na nusu, lilikuwa paa la makuti.

Asubuhi shangazi aliniita. "Mwanangu, mimi nimeandika Kiingereza sahihi. Nimekosa wapi?" Na kweli alikuwa hajakosa sarufi. Mgeni naye hakukosa kitu, maana "put out" ni kuzima, na vilevile ni kutoa nje. Simu ilichagua "mettere fuori", yaani weka nje, badala ya "spegnere", yaani zima. Yeye akafanya alichoambiwa, kwa adabu zote.

Nimeandika matangazo na ujumbe wa wageni kwa nyumba kadhaa za hapa mjini, na kosa hili nalikuta kila mahali. Waandishi wake wanajua Kiingereza vizuri, tena mara nyingi wanakijua kuliko wasomaji. Shida imo katika aina moja ya vitenzi, vile ambavyo Waingereza huvitengeneza kwa kuchukua kitenzi kifupi kama put, turn, go, get au take, na kukifuatishia kineno kama out, off, up au in. Mimi naviita vitenzi vya mkia. Mkia huo ukija, kitenzi hubadilika maana, na mara nyingi maana mpya haiwezi kukisiwa kwa kutazama kitenzi chenyewe wala mkia wenyewe.

Kwetu sisi kitenzi hubadilika kwa ndani. Funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua: mabadiliko yamo tumboni mwa neno, huwezi kuyapoteza njiani. Msomaji wa Kiswahili akilipata neno amepata kila kitu. Kiingereza huyaweka mabadiliko hayo nje, katika kineno kinachosimama peke yake, na kineno hicho kinaweza kwenda mbali na kitenzi chake. Nilikuta hili katika bafu la nyumba nyingine:

```
Turn the water heater behind the kitchen door off.
```

Kati ya turn na off pamekaa maneno saba. Msomaji anayetafsiri kichwani neno baada ya neno ameshaanza kufikiria kuizungusha hita ya maji, kwa kuwa "turn" peke yake ni zungusha au geuza, na anapofika kwenye "off" hajui aiunganishe na nini. Kwa kamera ya simu ni vibaya zaidi. Tangazo likiwa na mistari mifupi, na off ikaangukia mstari wa pili, mara nyingine programu huutafsiri kila mstari kana kwamba ni sentensi yake. Mkia unabaki yatima.

Ili kuelewa mgeni anahisi nini, fikiria kitenzi chetu cha kupiga. Twapiga simu, twapiga pasi, twapiga picha, twapiga kura, twapiga hodi, twapiga deki, na katika yote hayo hakuna anayepigwa. Mtoto wa Malindi hayaoni kuwa magumu. Mgeni aliyejifunza kuwa piga ni kumchapa mtu hushangaa nguo zimekosa nini. Hata hivyo piga ina huruma kidogo, kwa sababu nomino iliyo mbele yake humwelekeza msomaji: pasi ni pasi, kura ni kura. Mkia wa Kiingereza hauelekezi. Chukua "go off". Taa ikifanya hivyo, imezimika. Maziwa yakifanya hivyo, yameharibika. Mgeni akifanya hivyo, ameondoka. Na king'ora cha moto kikifanya hivyo, kimelia. Maneno ni yaleyale mawili, lakini kwa taa maana yake ni kuzima, na kwa king'ora ni kuanza kupiga kelele. Mtu aliyejifunza "off" kwenye swichi ya taa, kisha akasoma ukutani "If the alarm goes off, leave the room", ana haki kabisa ya kufahamu kwamba atoke chumbani pale king'ora kitakaponyamaza.

Hapa inafaa tuseme jinsi programu ya kutafsiri inavyoamua, kwa sababu wengi hudhani ni kamusi inayobadilisha neno kwa neno. Programu za siku hizi huitazama sentensi nzima na kupima maneno yanayokaa pamoja. Ukiandika "put out the fire", neno fire linatosha kuisaidia, na nimeona ikitoa "spegnere" bila taabu. Lakini shangazi aliandika "the coil". Kwa Kiingereza coil ni kitu chochote kilichozungushwa kama nyoka: waya, mpira wa maji, kamba, springi. Hakuna neno hata moja katika sentensi ile lililosema kwamba kitu hiki kinawaka. Hapakuwa na moto, wala mbu, wala moshi. Programu ikachagua maana inayofaa waya au kamba, kwamba kitu kiwekwe nje. Basi kulikuwa na makosa mawili yaliyokutana: kitenzi chenye maana mbili, na nomino isiyosaidia kuchagua. Lingeondolewa mojawapo, jamvi lingenusurika.

Sasa, ukienda kutafuta ushauri wa kuandika Kiingereza chepesi, utaambiwa utumie maneno mafupi ya kila siku na uyaepuke maneno marefu ya Kilatini. Usiandike extinguish, andika put out. Usiandike postpone, andika put off. Ushauri huo ni mzuri kwa msomaji aliyezaliwa Uingereza au Marekani, kwa sababu maneno mafupi ameyanyonya pamoja na maziwa ya mama, na yale marefu alikutana nayo shuleni. Kwa mgeni wa Malindi mambo hugeuka.

Sababu ni ya kihistoria. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ya watawala ilikuwa Kifaransa, na kwa karne kadhaa Kiingereza kilimeza maelfu ya maneno ya Kifaransa na Kilatini bila kuyatupa yale ya zamani. Ndiyo maana jambo moja lina majina mawili, la nyumbani na la kuja: put out na extinguish, go in na enter, go on na continue, put up with na tolerate. Na Kitaliano ni mtoto wa Kilatini. Mtaliano akiona extinguish anaiona estinguere yake. Akiona enter anaona entrare, continue ni continuare, tolerate ni tollerare. Hata chombo chekundu cha kuzimia moto ukutani, kwao ni estintore. Neno ambalo Mwingereza analiona zito, kwake ni jirani.

Na Wataliano hapa si wageni wa kupita. Tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco huko Ngomeni, wamekuwa wakija na wengine kubaki, hata watoto wa mjini humsalimu mgeni kwa "ciao" kabla ya "jambo". Kumwandikia mgeni wa Malindi Kiingereza cha vitenzi vya mkia ni kumchagulia njia yenye miiba ilhali ya pili ipo wazi.

Kuna jaribio la zamani linaloonyesha vizuri mtego ulipo. Mwaka 1930 Mwingereza Charles Ogden alitangaza Kiingereza kilichopunguzwa, alichokiita Basic English, chenye maneno 850 tu. Vitenzi vyake vilikuwa 18: come, go, put, take, give, get na wenzao wachache. Ukiyahesabu maneno, ni mepesi ajabu. Lakini mtu mwenye vitenzi 18 atasemaje zima? Itambidi aseme put out. Ahirisha je? Put off. Kuacha jambo? Give up. Ugumu haukuondoka. Ulihama kutoka kwenye orodha ya maneno ukaingia kwenye mikia, mahali ambapo hauhesabiwi. Mimi naamini hili ndilo kosa la wengi wanaojitahidi kuandika kwa wepesi: wanapima urefu wa neno, na kinachomsumbua mgeni ni idadi ya maana zake.

Watu wa ndege walilitatua kwa njia nyingine. Fundi wa ndege anaweza kuwa Mbrazili, Mwindonesia au Mkenya, na mwongozo wa matengenezo ameandikiwa kwa Kiingereza, na akikosea kuuelewa, watu watakufa. Katika miaka ya 1980 viwanda vya ndege vya Ulaya vilianza kutunga Kiingereza cha masharti kwa ajili ya miongozo hiyo, na tangu 2005 kinaitwa ASD-STE100. Kina kamusi ya maneno yaliyoruhusiwa yapata 900, na sheria yake kuu ni kwamba neno moja huwa na maana moja. Kitenzi "follow", kwa mfano, kinaruhusiwa kwa maana ya kuja nyuma ya kitu tu. Ukitaka kusema fuata maagizo, sharti uandike "obey". Sentensi ya agizo haizidi maneno 20. Na kuunganisha maneno mawili ili kuunda kitenzi cha mkia kunakatazwa. Nyumba ya wageni haihitaji masharti yote hayo, lakini ile ya neno moja kwa maana moja naichukua nzima nzima.

Basi tulikaa na shangazi tukaanza na ujumbe anaowatumia wageni kwa simu jioni ya kufika. Ulikuwa hivi:

```
Our driver will pick you up at 5.
If you are held up, call us and hold on at the gate.
If the power goes off, the generator kicks in.
```

Tulianza na "held up". Shangazi alimaanisha kuchelewa. Lakini hold up pia ni kuporwa kwa silaha, na mgeni aliyefika jana katika mji asioujua, akasoma kwenye simu kwamba akiporwa apige simu, hatalala vizuri. Badala yake tuliandika "If you are late". Hakuna cha kukisia. "Hold on" ilikuwa kusubiri, ila kwa maneno yake ni kushikilia, na kwa kuwa sentensi inataja geti, msomaji anaweza kudhani alishike. Tukaandika "wait".

"Pick you up" ilitufanya tubishane kidogo. Ni kitenzi cha mkia kinachojulikana sana, na programu hukipata mara nyingi. Nilitaka kukiacha. Shangazi ndiye aliyeuliza, "Anamchukua wapi?" Nikatambua kwamba kitenzi kile kilikuwa kimeificha habari iliyokosekana. Tukaandika kwamba dereva atakutana naye kwenye geti la nyumba. Hili limenitokea mara nyingi tangu hapo: ukiutoa mkia unalazimika kusema nani, wapi na lini.

Kuhusu ile 5, tusiipite. Dereva wetu husema saa kumi na moja, mgeni anajua saa tano, na ujumbe hausemi alfajiri wala jioni. Mtu anayefikiri kwa saa za Kiswahili huku akiandika kwa Kiingereza huteleza kwa saa sita kamili. Tuliandika 05:00, kwa saa za tarakimu nne, na tangu siku hiyo hatuandiki saa kwa namna nyingine.

"Kicks in" ndiyo iliyonitia mimi makosani. Nilitaka kusema kwamba baada ya muda jenereta itawaka na stima itarudi, nikaandika "Eventually the power returns". Nikaona nimeandika vizuri, hakuna mkia hata mmoja. Mgeni mmoja wa Kitaliano asiyetumia programu, anayesoma Kiingereza mwenyewe, alituuliza kwa wasiwasi kama kuna usiku ambao stima hairudi kabisa. Kwa Kiingereza eventually ni mwishowe, lakini kwa Kitaliano eventualmente ni huenda, ikitokea. Ule ujirani wa Kilatini nilioutegemea ulikuwa umenisaliti. Yapo maneno kadhaa ya aina hiyo. "Actual" ni halisi, ilhali attuale yao ni ya sasa, kwa hiyo "actual price" yaweza kusomwa kama bei ya leo. "Attend" ni kuhudhuria, na attendere yao ni kusubiri. Nimejifunza kutoyatumia hayo hata yanapofaa. Ujumbe ukawa:

```
The driver will meet you at the house gate at 05:00.
If you are late, call us. Wait at the gate.
If the electricity stops, the generator starts after 1 minute.
```

Dakika moja ni kweli. Tulipima.

Tangazo la koili lilitupa kazi zaidi kuliko nilivyotarajia. Nilianza na "Extinguish the mosquito coil before you sleep", na kwa Wataliano ilitosha. Lakini nyumba ile hupokea pia Wapolandi na Wacheki, na kwao extinguish haina jirani. Akitumia simu atapata maana sahihi, kwa sababu neno hilo halina maana ya pili ya kuichanganya programu. Asipotumia simu, atakwama. Nikajaribu njia nyingine, ya kutaja hali inayotakiwa badala ya kitendo. Ndiyo iliyobaki ukutani:

```
Mosquito coil: fire danger.
The coil must not burn when you sleep.
Do not leave a burning coil on the veranda.
```

Neno mbu limeingia, neno moto limeingia, na kila sentensi iko kwenye mstari wake ili kamera isiikate. "Burn" na "burning" zimerudiwa kwa makusudi. Mwalimu wa insha angesema tubadilishe neno lisichoshe, lakini msomaji wa lugha ya pili akiona neno jipya hudhani ni jambo jipya, na programu nayo yaweza kulitafsiri kwa namna tofauti.

Si kila mkia wa kukatwa. "Come in" na "go out of the gate" zina maana ileile ya vineno vyake, in ni ndani na out ni nje, hakuna fumbo. Kipimo changu ni hiki: nakiondoa kineno, kisha natazama kama kitenzi kinabaki na maana ileile ya msingi. "Come" bila in bado ni njoo. "Put" bila out si zima hata chembe. Na kuna mikia iliyokwisha kuwa majina ya mambo, kama "check-in" na "log in". Wataliano wenyewe husema il check-in. Ukibadilisha hiyo iwe "register your arrival" umemletea mgeni ugumu uliokuwa haupo. Wajerumani nao hawasumbuliwi sana na vitenzi hivi, maana lugha yao inavyo vitenzi vinavyokatika, kipande kimoja kikaenda mwisho wa sentensi. Kwa nyumba inayopokea Wajerumani watupu nisingehangaika hivi.

Kuhusu kujaribu kabla ya kubandika, wengi hutafsiri kwenda Kitaliano kisha hurudisha kwenye Kiingereza, na wakiona sentensi yao imerudi ilivyo, huridhika. Njia hiyo hudanganya katika vitenzi hivi hasa. Programu ikitafsiri "put out" kama "mettere fuori", ukiirudisha itakuletea "put out", nawe utaona kila kitu ni sawa huku mgeni ameambiwa aiweke koili nje. Kosa linakwenda na kurudi limevaa nguo zilezile. Mimi hukinakili kitenzi cha Kitaliano peke yake, nakirudisha kwenye Kiswahili badala ya Kiingereza, na natazama nimepata nini. "Spegnere" huniletea kuzima. "Mettere fuori" huniletea kuweka nje. Kiswahili chetu kina maneno mawili mbali kabisa kwa mambo hayo mawili, kwa hiyo kosa halina pa kujificha.

Shangazi sasa huifanya kazi hiyo mwenyewe. Wiki iliyopita alinitumia tangazo jipya la neti ya mbu, lenye "let down the net", akiwa ameshalipigia mstari na kuandika pembeni kwa mkono kwamba let down pia ni kumvunja mtu moyo. Badala yake ameweka "lower the net", na chini yake amechora neti.